Salamu ya Kisimani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kugombana na majirani kama sisi, mvua ilikataa kunyesha. Mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja tu, ambacho wanyama wote walikichimba pamoja.

Kisima kile kilikuwa na desturi yake. Mgeni akifika, humsalimu mlinzi kwanza. Na hakuna anayegusa maji mpaka mlinzi amalize kujibu salamu. Ilikuwa desturi nzuri, ya kuzuia watu kusukumana.

Walinzi walikuwa wawili. Asubuhi alikaa Tembo, na alasiri alikaa Nyati.

Sasa, mlimani kulikuwa na mama mmoja mdogo, Pimbi, mwenye watoto watatu. Kitindamimba wake alikuwa na homa, midomo imemkauka. Asubuhi moja Pimbi akachukua kibuyu, akateremka mbio, tipwi tipwi tipwi, mpaka kisimani.

"Shikamoo, Mzee Tembo!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Tembo akajiweka sawa kitini. "Mimi sijambo, ila goti hili la kushoto linanisumbua. Lilianza siku ile nilipoteleza kwenye matope. Kwanza nilidhani ni la kulia! Na nyumbani hawajambo, shemeji yangu tu ndiye ana mafua. Ama hiki kisima chetu, usikione hivi! Kina maji ya kunywa, kina maji ya kufulia, kina maji ya kukandia udongo. Ya kunywa huchotwa kwa kata. Ya kufulia huchotwa kwa ndoo, lakini si ndoo ile yenye tundu. Ile yenye tundu ina kisa chake…"

Pimbi akahamisha kibuyu mkono huu, akakihamisha mkono ule. Jua likapanda. Kisa cha ndoo kikazaa kisa cha kamba. Alipopata maji na kufika nyumbani, jiwe la mlangoni lilikuwa linaunguza miguu, na mtoto alikuwa hana hata nguvu ya kulia.

"Kesho nitakwenda alasiri," akajisemea.

Kesho yake akaenda, akamkuta Nyati.

"Shikamoo, Mzee Nyati!"

"Marahaba."

Kisha kimya. Nyati akatazama mbele, anatafuna. Pimbi akangoja neno jingine. Je, amemaliza kujibu? Achote? Asichote? Zile pembe hazikusema kitu.

"Samahani, mzee, naweza…"

"Mh?" Nyati akageuza kichwa chake kikubwa.

Pimbi akaingiwa na hofu. Akarudi na kibuyu kitupu. Usiku ule walilambishana umande wa majani, na kitindamimba alichemka kama chungu.

Alfajiri Pimbi akarudi kwa Tembo. Safari hii alishika adabu zote, lakini jicho lake lilikuwa linacheza.

"Shikamoo, mzee. Kabla hujajibu! Jibu lako la salamu linazungumziwa mpaka kwetu mlimani."

"Ala! Wanasemaje?"

"Wanasema hawajapata kusikia jibu kama lile."

Masikio ya Tembo yakapepea kwa furaha, pwa, pwa!

"Ila nakuhurumia," Pimbi akaendelea. "Kila mtu amelipokea, isipokuwa wewe mwenyewe."

"Loo! Ni kweli, maskini mimi!"

"Basi nipishe kiti. Wewe nenda pale kwenye udongo wa chumvi, lamba kidogo ulainishe koo, halafu uje kama mgeni. Nitakujibu vilevile unavyojibu wewe."

Tembo akaondoka anacheka peke yake. Na nani aliwahi kumwona tembo akilamba chumvi kidogo? Alilamba, akalamba, mpaka ulimi ukawa mzito kama gogo.

Pimbi akabaki kitini, maji yako pale pale. Angeweza kujaza kibuyu na kukimbia. Lakini kesho je? Na kesho kutwa? Akatulia.

Tembo akarudi anahema, hoo, hoo.

"Hujambo, mlinzi?"

"Sijambo, mgeni wangu, sijambo!" Pimbi akajiweka sawa kitini. "Ila goti hili la kushoto linanisumbua…"

Tembo akatabasamu. Lilipofika suala la shemeji, tabasamu likapungua. Kwenye maji ya kufulia, mkonga ukaanza kunyooka wenyewe kuelekea kisimani.

"Aa-aa, mzee! Desturi! Sijamaliza kujibu. Sasa, ndoo ile yenye tundu…"

"Mwanangu, nina kiu!"

"…ina kisa chake."

"Nakijua kisa! Mimi nilikuja kunywa tu!"

"Na mimi juzi nilikuja kunywa tu," Pimbi akasema taratibu. "Mtoto wangu mgonjwa alikuwa ananingoja."

Tembo akaurudisha mkonga. Macho yake yakashuka chini.

Hapo akatokea Nyati, mavumbi mpaka kwenye kope, ametoka kulima, naye amesikia yote. Akaangua kicheko. "Hoo! Mzee mzima kafungwa na salamu yake mwenyewe! Hujambo, we Pimbi?"

"Sijambo."

Kisha kimya. Pimbi akatazama mbele, anatafuna jani.

Nyati akangoja. Akakohoa. Akasogeza mguu mmoja, akaurudisha.

"Mbona hivyo?"

"Mh?"

"Sasa… ninywe au nisinywe? Umekasirika?"

"Sijakasirika, mzee. Nimekujibu kama unavyojibu."

"Salamu nimejibiwa, lakini bado sijui kama ninywe!" Nyati akasema, kisha akajisikia mwenyewe. "Nimejibiwa, ila sijakaribishwa."

"Haya, binti," Tembo akasema kwa sauti ya kukwaruza, koo limemkauka. "Mlinzi ajibuje?"

"Nisalimuni tena."

"Hujambo?" wakasema pamoja.

"Sijambo, wazee wangu, karibuni! Poleni na jua. Niwasaidie nini?"

Akanyamaza, akawatazama kwa uso mkunjufu.

"Maji!" wakapiga kelele wote wawili.

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa!"

"Haya, kata hiyo hapo." Wakanywa, gubu, gubu, gubu!

Nyati akafuta mdomo. "Maneno ni hayo tu? Mafupi hivyo?"

"Ningeongeza, mngesema lini shida yenu? Na ningepunguza, mngejuaje kuwa mnakaribishwa?"

"Lakini nisipomwambia mgeni habari za ndoo," Tembo akalalamika. "Je, akitaka kufua?"

"Atasema anataka kufua, ndipo umwambie ndoo ipi. Asiposema, usimkisie."

"Na rafiki yangu wa siku nyingi, akiniuliza habari za goti?"

"Huyo ameuliza goti, mzee. Mweleze goti lote!"

Wakacheka. Kisha Tembo akajaza kibuyu mwenyewe kwa mkonga wake, na Pimbi akapanda mlima, tipwi tipwi tipwi, jiwe la mlangoni likiwa bado halijaanza kuunguza. Kitindamimba akanywa, akalala. Alipoamka alidai chakula.

Kesho yake asubuhi Pimbi akateremka tena.

"Shikamoo, Mzee Tembo!"

Tembo akavimba. Maneno yalimjaa mashavuni, goti, shemeji, ndoo, kamba, yote yanataka kutoka. Lakini akayazuia.

"Marahaba, mwanangu, karibu! Nikusaidie nini?"

Kisha haraka haraka akautia mkonga wake mdomoni, akaung'ata, akangoja jibu.

Basi, wanangu, tangu siku ile foleni ya kisimani ilikwenda vizuri, nami nawaachia hili moja: anayekusalimu mpe neno la upendo, muulize shida yake mara moja, kisha nyamaza umsikilize.