Mize na Ungo Uliohama

Paukwa!
Pakawa!
Hiyo ndiyo sauti ya walioshiba? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla yenu na kabla ya uongo wangu, palikuwa na msuka mikeka aitwaye Mize. Vidole vyake, fyu, fyu, fyu, ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, ukashuka kama nyoka. Wasukaji nawajua wote, hakuna aliyemfikia.

Mumewe, Vuai, alianza na kidogo. Alihamisha ungo kutoka ukutani hadi jikoni. Mize akauliza.

"Ulikuwa jikoni siku zote, mke wangu. Umechoka tu."

Kisha kibuyu. Kisha maneno: husema leo, hukana kesho. Mize akilia, humpikia uji, humkanda mabega, humwambia nani mwingine angemvumilia. Akamkanya asiende kwa majirani, eti wanamcheka. Mize akafika pa kuonja mchuzi na kuuliza, mume wangu, chumvi nimetia? Akawa anaomba radhi hata akikohoa.

Ndipo Vuai akasema, "Uliniahidi shamba alilokuachia mama yako. Usiniambie umesahau na hilo."

Mize hakukumbuka. Lakini hata ungo si alikosea? Kesho wazee wangekaa barazani kuamua habari ya shamba, naye angesema ndiyo.

Asubuhi akampelekea ukindu wake wa kusukia Bi Mashavu, ajuza aliyemfundisha kusuka.

"Chukua, bibi. Akili imeniponyoka."

Bi Mashavu hakubisha, wala hakumtaja Vuai. Alimpa ukili wake mwenyewe, akamwomba ammalizie. Fyu, fyu... Mize akasita.

"Bibi, hapa umeruka msuko mmoja."

"Sikuruka."

"Umeruka, bibi."

"Hukuona vizuri, mwanangu. Umechoka."

Mize akauweka ukili chini. "Labda. Nisamehe, bibi."

Ajuza akamshika mkono.

"Niliruka kusudi. Uliona sawa. Nimekukania kidogo tu, ukaniomba radhi. Sasa anayekukania kila kukicha? Mwenye akili iliyopotea hupotea kila mahali, mwanangu. Mbona yako hupotea mbele ya mtu mmoja?"

 Mize akaurudia ukili, akaufumua pale paliporukwa, akausuka upya.

Wazee walipokaa barazani, Mize akasimama mbele yao. Bado hakujiamini, vidole tu ndivyo alivyoviamini.

"Shamba sikulitoa," akasema.

Vuai akatabasamu. "Wazee, mnaona? Anasahau."

 Neno la radhi likamfika Mize kwenye ulimi. Akalimeza.

"Sikusahau. Hakuna cha kukumbuka."

Bi Mashavu, aliyekaa miongoni mwa wazee, akauliza ahadi ilitolewa lini. Vuai akasema wakati wa mavuno. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba mavuno hayo Mize alikuwa kwa mamaye, akimuuguza. Basi ilikuwa masika, akasema Vuai. Wazee wakatazamana, shamba likabaki la Mize.

Mize akahamia huko shambani na ungo wake, bila Vuai. Miezi mingi, kila asubuhi, aliugusa ukutani: upo. Mpaka siku moja akasahau kuugusa.

Aliyeonja mwenyewe asiulize kwingine kama chumvi imo. Hadithi yangu imeishia hapo. Mtu akiwaambia haikuishia hapo, kaangalieni nyungo zenu.