Kwa Nini Mgeni wa Harusi Huulizwa Yeye ni wa Nani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Anayetafuna muwa auweke chini kwanza, maana jambo hili halitaki kelele za meno. Mimi nilisimuliwa na bibi mzaa mama, naye alipofikia kisa hiki sauti yake ilishuka, kama mtu anayehofia kusikiwa nje.

Zamani hizo mgeni wa harusi hakuulizwa kitu. Ndoa ikishafungwa, watu walipanga mstari uani kama tunavyopanga leo, ila kila ukoo ulikaa kivyake. Wazazi wa bibi harusi walitangulia, maharusi katikati, wazazi wa bwana harusi wakamalizia. Mgeni alitoa mkono wa kulia, akawaambia wa mwanzo hongera kwa kulea, akawatakia maharusi heri, akawaambia wa mwisho hongera kwa kupata, kisha akasogea ili aliye nyuma asichoke. Usiyemjua ulidhani ni wa ukoo wa pili. Ukamchekea tu, maana kumhoji mgeni wa wakwe ilikuwa aibu kubwa.

Basi huko Kwemsala binti mmoja, Semeni, aliolewa na Mhando. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uani tope tupu, wageni wameshika viatu mkononi. Nyuma ya Semeni alisimama shangazi yake, Chausiku, akimpangusa jasho kwa ncha ya kanga.

Akaja mgeni mmoja mrefu, amevaa kanzu nyeupe. Baba yake Semeni akampa mkono, akajisemea moyoni, huyu wa akina Mhando. Mgeni akafika kwa Semeni. Hakusema heri. Aliufunika mkono wa binti kwa mikono yake yote miwili, akauliza taratibu, "Wewe ni wa nani, mwanangu?" Semeni akafungua kinywa amtaje baba yake, jina halikuja. Mgeni akatabasamu, akasogea. Mama yake Mhando naye akampokea vizuri, akijisemea, huyu wa kikeni, wa upande wa binti.

Kumbe yule hakwenda kula. Alizunguka nyuma ya jiko akajipanga upya. Hakuna aliyeshangaa, wageni walikuwa wengi. Akaushika tena mkono wa Semeni, akauliza lile lile. Safari hii binti alimgeukia bwana harusi aliye kando yake, akamtazama kama mpita njia.

Chausiku alidhani ni joto. Akamshika kiganja ampepee, akakuta kimepoa kama kitako cha mtungi. Semeni akamnong'oneza, "Shangazi, huyu mwanamume aliyesimama nami ni nani? Na mimi nimebaki na jina langu tu. Akirudi yule nitampa nini?"

Chausiku hakupiga kelele. Alipita nyuma ya mstari mpaka kwa mama yake Mhando, akamwambia kwa upole, "Mkwe, samahani. Yule mgeni wenu mrefu ni nani kwenu?"

Mama yake Mhando akamtazama. "Wetu? Si wa kwenu?"

 Wote wawili wakatazama kanzu ile, iliyokuwa imeshajipanga kwa mara nyingine. Pindo lake halikuwa na tone la tope, na pale alipokanyaga hapakuwa na alama.

Wale wanawake wakashikana mikono, wakaenda kusimama mwanzo wa mstari, wa kikeni na wa kiumeni bega kwa bega. Mgeni alipofika akanyoosha mkono. Hawakuupokea.

"Karibu, baba," akasema Chausiku. "Wewe ni wa nani?"

"Wa hapa hapa."

"Hapa kwetu, au hapa kwa wakwe?"

"Wa wote."

Mama yake Mhando akatikisa kichwa. "Mtu wa wote hana wa kumzika. Tupishe, baba, wenye kwao wapite."

Mkono ule ulibaki hewani muda mrefu. Watu wakasikia baridi miguuni. Kisha akaushusha, akatoka mpaka nje ya ua, akasimama.

Waliofuata wakaulizwa kila mmoja: jina lako nani, wa nyumba ipi? Jibu likapitishwa mdomo kwa mdomo mpaka kwa bibi harusi. Huyu Sempombe, mjomba wa baba yako. Huyu dada wa mumeo. Kwa kila mkono wenye mwenyewe, Semeni akarejewa kidogo na kumbukumbu zake, na mstari ulipokwisha alimwita Mhando kwa jina. Kiganja tu ndicho hakikupata joto tena maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo koo mbili hazipangi mstari bila mtu wa kila upande kusimama mwanzo. Shangazi walirithi lile swali. Mama wakwe walirithi kusimama nao bega kwa bega, hata kama jana walinuniana. Mabibi harusi walirithi viganja vya baridi siku ya harusi yao, nanyi mnasema ni woga. Sisi wageni tukarithi kujitaja kabla ya kutoa mkono, kwa hiyo ukiulizwa usinune, jibu.

Na yeye alirithi nje ya ua. Kila harusi yupo mmoja amesimama pale, nadhifu, hali wala hanywi, anangoja mstari usiouliza.