Herufi Kubwa za Kocha

Wahenga walituasa kwamba kuuliza si ujinga. Asiyeuliza hujijibu mwenyewe, na jibu la mwenye hofu mara nyingi huwa baya.

Fundi cherehani mmoja, ambaye wateja walimwita Mama Pindo, alimaliza jezi kumi na sita za timu ya wanawake asubuhi ya siku ya fainali. Alizipiga picha, akamtumia kocha, mteja mpya ambaye hakuwa amemzoea, akangoja jibu. Simu ikalia. Ujumbe ulikuwa herufi kubwa tupu:

“UMENIUA!!! HIZI NI JEZI KWELI???”

Mama Pindo akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Aliwahi kuambiwa kwamba kuandika hivyo ni kumfokea mtu. Macho yakaangukia mistari ya njano mabegani, aliyoiongeza bila kuagizwa.

“Kiherehere changu hiki!” akajilaumu, akatwaa kiwembe na kuanza kuifumua.

Jezi ya kwanza ilikuwa imekwisha kufumuliwa alipoingia wifi yake, mlinda mlango wa timu ile ile.

“Wifi! Mbona unabomoa?”

“Kocha wenu amenifokea. Soma mwenyewe.”

Wifi alisoma, kisha akafungua kundi la timu kwenye simu yake. “Huyu bwana kila siku anaandika hivi. Tazama.”

Siku funguo za stoo zilipopotea, kocha aliandika: “FUNGUO ZIRUDI SASA HIVI.” Nukta moja tu, kama mlango uliobamizwa. “Hapo alifoka kweli, tukatetemeka,” wifi akaeleza. Baada ya nusu fainali: “TUMEINGIA FAINALIIII!!!” Herufi ya mwisho ilivutwa kama kipenga. Na baada ya mazoezi: “MBIO ZA LEO ZIMENIMALIZA. NIZIKENI NA VIATU VYANGU.”

“Mbona mpaka leo hatujamzika?” wifi akauliza, na Mama Pindo akaangua kicheko bila kutaka.

“Sasa ujumbe wangu ni wa aina gani kati ya hizo?”

“Nanusa furaha. Lakini hata mwenye hasira huweka alama za mshangao, na herufi hazina uso, wifi yangu. Muulize.”

“Ataniona mshamba.”

“Afadhali mshamba kuliko sisi kuingia uwanjani na matambara!”

Mama Pindo akaandika: “Samahani kocha, umekasirika au umefurahi?” Hata kabla hajaiweka simu chini, ikaita.

“Nikasirike?” sauti ya kocha ilijaza chumba. “Mama, nina wazimu wa furaha! Hiyo mistari ndiyo iliyoniua! Wachezaji wanarukaruka hapa kama bisi!”

Mama Pindo akapiga kigelegele, akakikalia kiti, na cherehani ikanguruma hadi mistari iliyofumuliwa ikarudi mabegani. Alasiri timu ilipoingia uwanjani iking’aa kama alizeti, watazamaji walisimama wote, naye akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Angelinyamaza na hofu yake, kiwembe kingelizimaliza jezi zote kumi na sita. Hakika, kuuliza si ujinga.