Stempu Aliyonyimwa Mwamvita

Barua ya kwanza haitiwi stempu. Mmenisikia nikimwambia Nasra maneno hayo, naye kidole kimeshafika kwenye simu, tayari kumrushia rafiki yake wa zamani sauti ya hasira ya dakika nne. Nyinyi wengine mkaangua kicheko, kwa kuwa stempu yenyewe hamjapata kuibandika. Haya, Nasra, weka simu hiyo chini kwanza. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa hapa Muheza, kwa watu niliowajua mimi kwa majina yao na kwa vituko vyao.

Palikuwa na mpishi wa harusi akiitwa Mwamvita. Shoga yake alikuwa Chausiku, fundi wa kushona. Wawili hao walichezwa unyago siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na misibani ilibidi wakalishwe mbalimbali, maana wakikaa pamoja walicheka mpaka wafiwa wakaudhika. Mume wa Chausiku alipopata kazi Korogwe, walihama, lakini urafiki haukuhama. Chausiku akiwa na shughuli, Mwamvita ndiye aliyeshika upawa. Hilo halikujadiliwa.

Basi Chausiku akamwoza binti yake. Alikuja kuifanyia harusi hapa Muheza, kwa wazazi wake. Mwamvita akafika alfajiri na sufuria yake kubwa, akaiteleka mafigani, akakaanga vitunguu, akatia nyama na mchele. Jua lilipopanda akaenda kuoga. Anarudi, anamkuta Bi Zena, mpishi mwingine wa hapa mjini, amesimama penye sufuria, upawa mkononi, kanga kiunoni, kama aliyezaliwa pale. Chausiku yuko hapo hapo, anamtazama tu.

 Mwamvita aliondoka, hakuaga, na harusi ile ikaharibika. Miaka miwili ikapita hawasalimiani wala hawaandikiani.

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini, watu wenye kiburi wanao uwezo huo. Lakini Riziki, binti wa pekee wa Mwamvita, akaposwa, na siku ya harusi ikapangwa. Na somo wa Riziki, yaani yule mama aliyemfunda tangu alipovunja ungo na ambaye siku ya harusi ndiye humshika mkono na kumwingiza kwa mumewe, alikuwa nani? Alikuwa Chausiku. Kwetu somo habadilishwi. Mwali ambaye somo wake yu hai na hakuja, watu humtazama hivi, kisha hutazamana wao kwa wao. Riziki akalia siku mbili. Siku ya tatu akamwambia mama yake, "Nyinyi mligombana, mimi ndiye ninayeadhibiwa."

Mwamvita akachukua karatasi na kalamu, akaandika bila kupumzika, akaitia bahasha, akaenda posta.

Karani wa posta wakati huo alikuwa Mzee Shekiondo, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa wake: aliziangalia bahasha kabla ya kuuza stempu. Akaipokea ya Mwamvita, akapitisha kidole mahali palipoandikwa jina. Kalamu ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa.

"Mama Riziki, hii ni barua ya kwanza?"

"Ya kwanza na ya mwisho. Nipe stempu."

"Sikupi."

"Hunipi? Posta hii ni ya baba yako?"

"Si yake, wala si ya babu yangu. Lakini ya kwanza sikupi. Mimi niliwahi kumwandikia baba mkwe wangu barua ya namna hii. Nilipokuja kujuta, mfuko wa barua ulikuwa umeshafungwa kwa lakiri, umo ndani ya basi. Nikalifukuza basi lile kwa baiskeli hadi nikaanguka mtaroni. Barua ilifika kabla yangu. Mke wangu alikaa kwao miezi saba."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mwamvita peke yake hakucheka. Shekiondo akamfungulia mlango wa ubavuni, akamkalisha kwenye benchi la nyuma, akampa penseli yake ya posta, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili.

"Ifungue. Isome kwa sauti, taratibu, kama barua ya mtu usiyemjua. Ulichokiona kwa macho yako kipigie mstari mwekundu. Ulichosikia kwa watu, mstari wa buluu. Ulichokisia tu, kiache hivyo hivyo."

Barua yenyewe ilikuwa fupi, na kwa kuwa sauti ya Mwamvita ilikuwa ya mpishi aliyezoea kuita watu wa mbali, posta nzima iliisikia:

*Chausiku,*

*Sikusalimu, maana anayesalimiwa ni mtu. Siku ya harusi ya mwanao ulimpa Zena upawa mbele ya macho yangu, mimi niliyekupikia arobaini za uzazi wa wanao wote. Watu wananiambia tangu uhamie Korogwe unanionea haya. Najua ulipanga zamani kunifedhehesha. Mimi nikaondoka kwa heshima zangu. Miaka miwili hukunitafuta. Harusi ya Riziki usije, na ukisikia ngoma yake geuza uso. Mimi sikukumbuki kabisa.*

*Mwamvita.*

*Jana msibani kwa Hoza yule shemeji yao alilia kama beberu. Nikageuka kukutazama. Hupo.*

Alipofika hapo mwisho aliisogeza karatasi karibu na macho. Maneno hayo aliyaandika chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, na hakukumbuka kama aliyaandika. Akajifanya anakohoa. Shekiondo akajifanya anahesabu bahasha.

Kisha Mwamvita akapiga mistari. Katika lawama zote, mwekundu ulikuwa mmoja tu: upawa mkononi mwa Zena. Pale penye miaka miwili ya kutotafutwa alitaka kupiga wa pili, akasita, kwa kuwa hata yeye hakutafuta. Wa buluu nao mmoja, ule wa kuonewa haya. Yaliyobaki yote yalikaa bila mstari.

"Mbona ni mengi hivi?" akauliza mwenyewe.

"Mengi ndiyo huwa hivyo," Shekiondo akasema. "Ila kuna sentensi moja imepita mbio sana. 'Nikaondoka kwa heshima zangu.' Uliondokaje?"

"Kwa miguu."

"Na mikononi?"

Mwamvita akatazama dari.

"Mama Riziki, mimi nilialikwa kwenye harusi ile."

"Mfuniko," Mwamvita akasema polepole.

Naam. Mnajua pilau ya sufuria kubwa inavyoiva: maji yakikauka hufunikwa, yakapaliwa makaa juu ya mfuniko, joto likatoka juu na chini. Mwamvita aliinua mfuniko wake ukiwa bado haujatiwa makaa, akaubeba kichwani, akaupitisha sokoni mchana kweupe hadi kwake. Hapakupatikana mfuniko mwingine wa kipimo kile mji mzima. Wageni mia mbili walikula mchele uliokuwa ukilia chini ya meno kama kokoto, na wakwe waliondoka na njaa. Jambo hilo halikuwamo kwenye barua hata kwa neno moja.

"Sasa nichane?" Mwamvita akauliza.

"Usichane. Kaa nayo siku tatu, kisha uisome tena. Yaliyopoa yaache. Yatakayokuuma vilevile, hayo ndiyo yako ya kweli. Ukishayajua, uamue: unyamaze, uandike nyingine fupi, au upande basi uende mwenyewe."

Siku ya nne akarudi, hasira imemshuka usoni. Alisema ile habari ya kufedheheshwa imepoa, na habari ya kuonewa haya imemchekesha, kwa kuwa aliyeileta alikuwa Zena mwenyewe. Upawa bado ulimuuma. Na yale maneno madogo ya chini yalimuuma kuliko siku ya kwanza.

"Unataka nini kwake?" Shekiondo akauliza.

"Aniombe radhi!"

"Akiomba, kisha?"

"Kisha aje."

"Na asipoomba, akaja tu?"

Mwamvita akazungusha kidole kwenye ukingo wa benchi. Ilimwia vigumu kulisema, nami simlaumu. Kukiri kwamba unamtaka mtu aliyekuudhi ni sawa na kumpa fimbo akupigie.

"Aje tu," akasema.

"Basi andika hilo. Unalodai kwake, liwe moja. Ulilokosa wewe, liseme bila kuliwekea 'lakini'. Na mwachie nafasi ya kukataa, maana mtu aliyefungiwa mlango wa kutokea huogopa hata kuingia."

Akaandika ya pili pale pale, akafuta mara tano, ikatoka hivi:

*Shoga yangu Chausiku, salaam. Nilikosa kuondoka na mfuniko, nikakuharibia siku ya mwanao. Nisamehe. Kumwona Zena na upawa kuliniuma, na mpaka leo sijui sababu. Riziki anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na somo wake ni wewe. Naomba uje. Ukiona huwezi, sitakuwekea kinyongo. Misibani siku hizi sina wa kucheka naye. Mwamvita.*

Shekiondo akatoa stempu. Mwamvita akailamba mwenyewe.

Wiki ikapita bila jibu. Riziki alikuwa akisimama mlangoni kila basi la Korogwe lilipopiga honi. Siku ya tisa mlango ukabishwa, na aliyeingia alikuwa Chausiku, mzigo wa nguo begani, jasho linamtiririka. Hakuketi. Alionekana kama mtu aliyefanya mazoezi ya hotuba njia nzima na sasa imempotea.

"Umeandika hujui sababu," akasema. "Nimekuja kukwambia, maana kwenye karatasi nilishindwa. Chumvi, Mwamvita."

"Chumvi gani?"

"Yako. Tangu ulipougua ile homa kubwa, ulimi wako hausikii chumvi. Arobaini ya kitinda mimba wangu watu walikunywa mtungi mzima wa maji. Mkwe wangu alidhani tunamroga. Harusi ya mwanangu nikaogopa, nikampa Zena upawa, na kukwambia nikashindwa. Utaniua?"

Mimi nilikuwepo, nimekwenda kusaidia kuchambua mchele. Nikaona Mwamvita anafungua kinywa. Nikasogeza ungo wangu pembeni, maana nilimjua mwanamke yule. Akatafuta tusi la kumpa, akatafuta jingine, kinywa kikabaki wazi. Yote alikuwa ameshayatumia katika barua ile ya kwanza, iliyokuwa imelala chini ya godoro lake bila kumjeruhi mtu. Kilichobaki ndani yake kilikuwa kicheko, nacho kikatoka kwa kishindo. Chausiku akashika ukuta, akacheka hadi akakaa sakafuni, kisha wakalia. Riziki akatoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Harusi ilifana. Mwamvita alipika, na hakuutia mchuzi chumvi mpaka Chausiku alipoonja. Na jioni Riziki aliingia kwa mumewe ameshikwa mkono na somo wake.

Mwamvita hakuificha habari ile. Aliisimulia kila jikoni alikoalikwa kupika, nayo ikatembea kuliko barua yoyote. Mtu akija amefura, anataka kwenda kumpasha mwenzake saa hiyo hiyo, wanawake wa Muheza humkalisha chini, wakampa karatasi. Andika yote, humwambia, uyasome mwenyewe, halafu uje utuambie unachokitaka hasa. Barua ya kwanza haitiwi stempu.