Salamu Tatu za Nakijwa

Hapo zamani, na wewe unayesinzia sogea karibu, alikuwepo mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe alifariki, wakwe wakamfukuza na mimba yake kubwa. Kijiji cha kwanza alichopita, watu walimwona wakageuza nyuso. Iliuma jamani. Akaapa kwamba kama kijiji cha mwisho, kile cha kilimani, nacho kitamfanya si mtu, hatabisha hodi popote. Atakata nyika peke yake, akazae huko kwenye simba.

Akafika njia panda. Ng'ambo ya bonde, mtu wa kilimani aitwaye Mbazi alikuwa akilima. Kwa umbali ule hata ukiinamisha kichwa kusalimu nani atakuona? Mbazi akainua mkono juu, kiganja wazi. Nakijwa akatazama nyuma yake: hakuna mtu. Kumbe anayesalimiwa ni yeye! Naye akainua wake, akashika njia ya kilimani.

Mbele akamwona mwanamke aitwaye Nanzia, mtungi wa maji kichwani. Wote wawili wakashusha macho, maana kumkodolea mgeni njia nzima ni kumtisha. Walipokaribiana ndipo wakatazamana. Mwenye mtungi hainamishi kichwa, labda kama anataka kuoga. Nanzia akapandisha nyusi, akatabasamu hadi machoni. Nakijwa naye akatabasamu, moyo ukamlainika.

Karibu na nyumba za watu akaja mtu aitwaye Sangiwa, anavuta fahali kwa mikono miwili. Huyu akapita kimya, macho chini. Nakijwa akaona ni yaleyale ya kijiji cha kwanza, akageuka arudi nyikani. Lo, Sangiwa naye alikuwa amesimama, amegeuka! Akamtazama usoni, akashusha kichwa taratibu, akakiinua. Nakijwa akalia palepale njiani, kisha akajifuta, akaenda kubisha hodi.

Kijiji kikampokea. Akajifungua salama, mtoto mwenye kelele za kuamsha mtaa. Na desturi ya pale ni kwamba mtoto hupewa jina la aliyemfungulia njia. Nakijwa akawaita wote watatu.

Mbazi akacheka, akasema ukweli wake: "Mimi nilidhani ni dada yangu anatoka sokoni. Lakini bila mkono wangu, kilima hiki usingekipanda."

Nanzia akasema yeye humsalimu kila apitaye, amjue asimjue. Hakumfananisha na mtu, wala hakusita.

Sangiwa akaja mwisho. "Ndugu yangu aliuawa na mgeni njiani," akasema. "Tangu hapo sijamwinamishia kichwa mtu nisiyemjua. Wewe ndiye wa kwanza."

Nakijwa akawatazama, mtoto kifuani. Aliwapenda wote, na jina ni moja.

Haya, msinitazame mimi. Mmoja alianza, lakini kwa kukosea. Mmoja alimkusudia, lakini angemsalimu yeyote. Mmoja alichelewa, ila ilimgharimu kuliko wenzake. Mama anangoja jibu. Je, mtoto aitwe nani?