Vikapu vya Fisi Siku ya Shukrani

Wanyama wa Bondeni walikuwa wameonja njaa ya misimu miwili, njaa ya kutafuna magome na kuwadanganya watoto eti yana utamu. Mwaka wa tatu mvua ikanyesha vizuri, mashamba yakaitika, na Simba akaamka asubuhi moja akiwa na wazo. Wazo halikumjia mara kwa mara, kwa hiyo akalitangaza siku hiyohiyo.

Hondohondo, mpiga mbiu, alipaa juu ya mabanda akipaza sauti. "Sikilizeni. Ijumaa ijayo ni sikukuu ya shukrani ya mavuno. Kila nyumba itoe pishi moja katika kila pishi kumi. Nafaka ikauke na kupepetwa, ikabidhiwe kwa mkusanyaji kabla ya siku yenyewe. Ndizi na mboga zije asubuhi ya sikukuu, zisioze. Kisha vyote vitagawanywa mafungu matatu: la kwanza chungu cha wote, la pili la wasioweza kulima, la tatu ghala la kiangazi."

Katika wasioweza kulima alikuwamo Kanga, mjane aliyevunjika bawa wakati wa kupanda. Vifaranga wake sita walikuwa hawana chakula kingine cha kuwafikisha msimu ujao isipokuwa fungu la pili.

Sasa nani akusanye? Fisi alijitokeza mbele huku mate yakimtangulia. "Mfalme, sijapata kuona manyoya ya shingo yanayong'aa kama yako," akasema. Simba hakuhitaji sifa nyingine. Akamteua. Ndivyo wakubwa wengine wanavyochagua watunza mali: anayewasifia manyoya ndiye mwaminifu.

Fisi akapita nyumba kwa nyumba na pishi lake, akimlaumu kila aliyepima bila kilele. "Mungu anakuona, ndugu yangu," alimwambia Nungunungu, na Nungunungu kwa aibu akaongeza kiganja. Ila mavuno yale hayakufika yote penye mkusanyiko. Nusu iliingia pangoni mwa Fisi, ikamwagwa juu ya mavuno yake mwenyewe. Mlafi huyu hata mahindi hakuyapenda sana. Alitaka tu yawe yake, mwingine asiyapate.

Vikapu vya kupelekwa ghalani vikabaki nusu. Fisi akavimwagia maji. Mahindi na maharage yakanywa, yakavimba, vikapu vikajaa hadi ukingoni, naye akajiona fundi.

Siku ya sikukuu Sungura, aliyepewa kazi ya kupokea ghalani, alitumbukiza mkono katika kikapu cha kwanza. Nafaka kavu huwa baridi ndani. Hii ilikuwa ya moto, na ilinuka uchachu. Akakifunika kikapu taratibu, akaenda kusimama mbele ya Simba.

"Mfalme, vikapu vya Fisi vimejaa kuliko vyote nilivyowahi kuona. Utumishi wa namna hii haufai kupita bila zawadi. Naomba avichukue vyote, viwe vyake. Naye, kwa kuwa ni mwungwana, atoe akiba iliyo pangoni kwake iwe sadaka badala yake."

"Haki kabisa," akasema Simba, aliyependa kutoa zawadi zisizomgharimu. "Fisi, chukua."

Fisi akatazama vikapu, akajisogeza nyuma. "Mfalme, mimi... sistahili. Wapewe maskini."

Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kusikia Fisi akikataa chakula. Nungunungu ndiye aliyecheka kwanza.

"Shemeji, unaumwa?" akamwuliza.

"Nimeshiba tu."

"Wewe?" akasema Kanga, akimsogelea kwa hasira. "Umeshiba wewe, na wanangu je?"

Sungura akakipindua kikapu. Yakamwagika mahindi yenye mizizi myeupe, mengine yameshikana kwa ukungu wa kijani. Hayakufaa kupikwa wala kuwekwa ghalani. Simba, aliyeona aibu kwa kuwa ndiye aliyemteua, akanguruma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akaamuru wote waende pangoni.

Walikuta lundo la nafaka kavu hadi darini. "Hii ya chini ni yangu," Fisi akalia. "Nililima kwa jasho langu."

"Tuonyeshe punje zako," akasema Sungura.

Fisi akainama, akachambua, akachoka. Alikuwa amezichanganya kwa mikono yake mwenyewe. Basi lundo lote likabebwa. Mafungu matatu yakapimwa upya mbele ya wote, na vifaranga wa Kanga wakala mpaka wakasinzia. Fisi alibaki na vikapu vyake vya uchachu, na kiangazi kizima mbele yake.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.