Kilicho Juu ya Alama ya Kuuliza

Wapendwa, wale wa viti vya nyuma mnaochungulia simu, leo msizifiche, maana mahubiri yanazihusu.

Palikuwa na msusi mmoja, dada wa makamo, mwenye saluni ndogo karibu na stendi. Viti viwili, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri ambalo kazi yake hasa ni umbea. Mnacheka, mnalijua hilo benchi. Saa nne ya asubuhi alikuwa anamsuka mama mmoja mtindo wa twende kilioni, nusu ya kichwa imekwisha, nusu iko wazi. Simu yake ikalia mezani. Mikono ilikuwa na mafuta, akamwambia yule mama, "Hebu nitazamie, nani huyo?"

Mama akatazama. "Umetumiwa alama ya kuuliza."

"Alama ya kuuliza na nini?"

"Basi. Alama ya kuuliza peke yake. Jina umeliandika Kaka."

Mikono ikasimama kichwani mwa yule mama. Ili mjue kwa nini, lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Huyu msusi na kaka yake walizaliwa wawili tu. Yeye ndiye mkubwa. Ila kwao, kaka ni kaka hata akiwa mdogo, ndivyo alivyomwandika kwenye simu. Miezi minane kabla ya siku hiyo mama yao alifariki, na pale msibani, mbele ya watu, mdogo mtu alimwambia dada yake neno baya. Alimwambia, "Sasa unalia, wakati mama anaumwa ulikuwa wapi?" Neno lile halikuwa la haki, maana dada alikuwa mbali akisuka vichwa vya watu ili mama atibiwe. Dada hakujibu. Alipanda gari siku ile ile, na njiani akaandika meseji moja: "Usinitafute tena." Akaituma, kisha akambloki. Akambloki WhatsApp, akambloki na simu za kawaida, ili asije akapenya popote.

Sasa sikilizeni jambo moja la ukoo wao. Kwao mtoto wa kaka hupewa jina na shangazi. Shangazi humtamkia mtoto jina lake sikioni, na mpaka afanye hivyo, mtoto hana jina. Na pale msibani mke wa kaka alikuwa mjamzito.

Miezi ikaenda. Dada akasikia kwa watu kwamba wifi amejifungua. Kwa watu, ndugu zangu. Akaumia moyoni akasema, hata hilo hawakuniambia. Hakuuliza ni mtoto gani wala anaitwaje. Angeulizaje jina la mtoto ambaye yeye ndiye alipaswa kumpa? Aliamini wamekwisha kumpa wenyewe. Na lile ndilo lililomuumiza kuliko neno la msibani.

Kwaresima ilipoanza, alisikia mahubiri ya msamaha, akalainika nusu. Akachukua simu, akamtoa kaka yake kwenye kubloki. Halafu akafanya kile tunachofanya sisi sote. Akaweka simu chini, akasema, mlango nimeshafungua, sasa aje. Akangoja wiki tatu. Kimya. Akasema, mnaona? Hana haja na mimi.

Ndipo ikaja ile alama.

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi akaisoma hapo hapo, bila kuombwa. "Huyo anakudharau, shoga. Mtu akukalie kimya miezi minane, halafu akuite kwa alama moja kama anaita mbuzi? Hata 'habari' imemshinda?"

Msusi akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu. Juu ya ile alama, kwenye simu yake, palikuwa na maneno yake mwenyewe ya mwisho, "Usinitafute tena." Chini yake, alama ya kuuliza. Akaisoma kama mtu yeyote angeisoma: Haya, hasira zimekwisha? Umechoka kununa? Damu ikampanda. Kidole kikaenda kwenye kubloki tena, na safari hii alisema kwa sauti kwamba ni moja kwa moja.

Yule mama wa nusu kichwa akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Alama ya kuuliza haina maneno yake. Inauliza kile kilichoandikwa juu yake."

"Nimeshakiona kilichoandikwa juu yake."

"Umekiona kwenye simu yako. Kwenye simu yake, juu ya hiyo alama kuna nini?"

"Si hayo hayo, mama? Mazungumzo ni yale yale."

"Uliwahi kumbloki?"

Msusi akaitikia kwa kichwa. Benchi lote likaacha umbea, na hilo si jambo dogo.

"Basi si yale yale," mama akasema. "Mtu akibloki, meseji za mwenzie hazimfikii. Na ukimfungulia, zile za nyuma haziji. Zinabaki kwake, kila moja na tiki moja, basi. Wala hakuna anayemwambia kwamba umemfungulia. Najua, mwanangu. Mimi nimekaa upande wa tiki moja miaka miwili, kwa mtoto wangu wa kumzaa."

Msusi akamtazama kwenye kioo. Alikuwa amemsuka yule mama mara nyingi, na hakuwahi kujua hilo.

"Sasa nimwandikie nini?"

"Usimjibu alama yake, hujui inauliza nini. Mwambie akuonyeshe."

Msusi akaandika polepole: "Kwangu juu ya hiyo alama hakuna neno lako. Uliandika nini?"

Haikupita dakika tatu. Kaka akapiga picha kioo cha simu yake, akatuma. Picha nne, maana moja haikutosha. Na kila meseji ilikuwa na tiki moja.

"Dada, amezaliwa. Wa kike. Wote wazima."

"Dada, tunangoja jina."

"Dada, kliniki wameandika 'Mtoto wa' na jina la mama yake. Nesi anauliza jina, nimemwambia shangazi yake hajasema."

"Dada, lile neno la msibani nilikosea. Nilikuwa na uchungu wa mama nikakutupia wewe. Nisamehe."

"Dada, ameota jino."

"Dada, ubatizo tumeahirisha tena. Tunakungoja."

Na ya mwisho: "Dada, tumwite nani?"

Chini yake, peke yake, ile alama ya kuuliza. Ndiyo pekee iliyokuwa na tiki mbili.

Mtoto alikuwa na miezi sita. Miezi sita anaogeshwa, anabebwa, anaimbiwa, na hana jina, kwa sababu baba yake alikataa mtu mwingine akae mahali pa dada yake. Mkewe alimwambia, "Tumia simu yangu, mimi hajanibloki." Akasema, "Dada akifunga mlango, mimi siingii dirishani." Alikuwa akitazama tu kila siku kama picha ya dada yake itarudi kwenye simu, maana aliyekubloki humwoni hata sura. Kisha akachoka, wiki kadhaa hakutazama; siku ile asubuhi alipojaribu tena ndipo aliiona imerudi. Hakuamini. Na aliogopa kuandika neno, asije akakosea tena kama msibani. Akatuma kitu kidogo kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Msusi akapiga simu mwenyewe. Kaka akapokea.

"Dada?"

"Nipo."

"Nimekukosea, dada."

"Nimesoma. Mimi ndiye niliyekufungia, mdogo wangu. Nilidhani wewe ndiye umenyamaza." Kisha akasema, "Mlete."

Kaka akaiweka simu kwenye sikio la mtoto. Msusi akageuka, akakipa kioo mgongo, akamtamkia mtoto jina lake. Taratibu, mara tatu. Ni jina gani? Sijui, na wale wa benchi pia hawajui, maana alilisema kwa sauti ya chini. Lilikuwa la mtoto. Yule mama wa nusu kichwa alikuwa analia kitini, na hakuna aliyemharakisha.

Naona hata ninyi wengine mmetoa vitambaa. Vizuri, mlilieni mtoto. Lakini sasa tuzungumze sisi.

Nataka niwe mkweli. Kuna alama ya kuuliza ya jeuri, ipo. Mtu amekuandikia dakika tano zilizopita, hujajibu, anakutupia alama. Huyo hana subira, mwombee. Lakini inayokuja baada ya miezi minane ni ya namna nyingine. Mwenye haraka hangojei miezi minane. Aliyekata tamaa hatumi hata nukta. Anayetuma alama moja baada ya kimya kirefu ni mtu ambaye bado anakutaka, ila maneno amekwisha kuyamaliza, na huenda aliyamaliza mahali ambapo wewe hukuyasikia.

Sisi tunasomaje? Tunatazama simu yetu. Juu ya alama tunaona hasira yetu, tunaisoma kwa hasira yetu, kisha tunasema yeye ndiye mwenye dharau. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza, kwako juu yake kuna nini?

Na Mungu je? Si tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza? Tunafunga moyo miaka, hatuombi, hatutaki kusikia, halafu siku moja tunaguswa na kitu kidogo, usingizi unakatika, wimbo unatutoa machozi bila sababu, na tunasema, ah, hiki tu? Ndugu yangu, usikidharau kwa udogo wake. Hujui ni vingapi vilitangulia.

Wala simsemi aliyekupiga au aliyekuumiza mwili. Huyo ukimfungia umefanya vema, na ukikaa salama Mungu anafurahi. Namsema ndugu yako. Namsema yule ambaye ukisikia amefariki leo utaanguka chini.

Tutakapomaliza hapa, kabla hujatoka, fungua orodha ya uliowabloki. Simu inaitunza, haisahau hata mmoja. Soma majina taratibu. Kuna mmoja ambaye moyo wako umekwisha kumsamehe zamani, na wewe umebaki kungoja aanze yeye. Mfungulie. Kisha usiweke simu chini ukasema mlango uko wazi, aje, kwa sababu hakuna atakayemwambia. Mwambie wewe.